Tenki Halizai Maji: Usilipie Proforma Kabla Namba Nne Hazijakubaliana

Leo nina jambo ambalo wauza pampu wengine hawatalipenda, ila nitalisema. Proforma nyingi za umwagiliaji zinazoletwa kwangu zina bei sahihi, zina muhuri, lakini hesabu ya maji haipo. Utakuta pampu ya sola, tenki, mipira ya matone ya ekari moja, na jumla ya mamilioni kwa chini. Ukiuliza hayo maji yatatosha ekari moja kwa siku, jibu ni "hiyo pampu ina nguvu sana."

Nguvu siyo hesabu. Mfumo wowote wa kumwagilia una namba nne: maji yanayohitajika kwa siku, kasi ya maji kufika kwenye tenki, saa za kupampu, na ujazo wa tenki. Hizi nne lazima zikubaliane. Moja ikiwa ndogo, ndiyo itakayokuongoza, hata kama tatu zilizobaki ni kubwa namna gani.

Tuchukue mfano wa nyanya, ekari moja, upande wa Dodoma, kiangazi. Proforma inasema: pampu ya sola ya lita 5,000 kwa saa, inafanya kazi saa 8 kwa siku, tenki la lita 10,000. Mkulima anapiga hesabu ya haraka: 5,000 mara 8 ni lita 40,000. Anaona maji yanabaki mpaka ya kuuza. Hebu tuikague namba moja moja.

Tuanze na mahitaji, maana hapo ndipo watu wengi hawaanzii. Nyanya iliyokomaa, yenye maua na matunda, kwa kupanga mimi huweka milimita 5 za maji kwa siku. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ekari moja ina mita za mraba 4,000 na kidogo, kwa hiyo 4,000 mara 5 ni lita 20,000 kwa siku. Mipira ya matone ni mizuri lakini nayo hupoteza, kwenye viungio vinavyovuja na mwisho wa laini, basi tuseme katika lita 100 zinafika 90. Gawa 20,000 kwa 0.9, unapata kama lita 22,000 zinazotakiwa kutoka kwenye tenki kila siku. Mwezi wa joto kali na upepo milimita zinafika 6 au kuzidi, na miche midogo inatumia pungufu. Ila ukipanga kwa mahitaji ya miche, mfumo utakuangusha siku mmea unapobeba matunda.

Sasa kasi ya maji. Ile lita 5,000 iliyoandikwa kwenye kibati cha pampu ni `Q max`, yaani maji yanayotoka pampu ikiwa haipandishi kitu chochote. Pembeni yake kuna `H max`, tuseme mita 60. Wengi wanasoma hizo mbili kwa pamoja, wanadhani pampu inatoa lita 5,000 kwa mita 60. Sivyo. Kwenye mita 60 pampu hiyo inatoa sifuri. Kati ya hapo, kadiri unavyopandisha ndivyo maji yanavyopungua. Kisima chetu, pampu ikiwa inafanya kazi, maji yako mita 28 chini. Shamba linapanda mita 6 hadi lilipo tenki, mnara ni mita 4, na tenki lenyewe linaingiza maji juu, mita 2. Ongeza kama mita 3 za msuguano ndani ya bomba. Jumla ni mita 43. Kwa pampu nyingi za namna hiyo, hapo unabaki na nusu ya maji au pungufu.

Huna haja ya kubahatisha. Kama pampu ipo, pima. Chukua pipa la lita 200, uliweke pale maji yanapoingilia tenki, siyo kwenye mdomo wa kisima. Ukipimia kisimani umeacha kilima na mnara, kwa hiyo umepima pampu ambayo hutaitumia. Anza kuhesabu kwa simu. Pipa likijaa kwa dakika 5, hizo ni lita 40 kwa dakika, sawa na lita 2,400 kwa saa, sawa na 2.4 `m³/h`. Nimeandika kwa vipimo vyote vitatu kwa makusudi, maana kibati kinatumia kimoja, muuzaji kingine, na fundi wa bomba cha kwake, na mtu anajikuta analinganisha vitu visivyolingana.

Kisha saa za kupampu. Jua la Dodoma ni kali, lakini pampu ya sola haifanyi kazi saa 3 asubuhi kama inavyofanya saa 6 mchana. Asubuhi na jioni maji yanatoka ya kusuasua. Ukijumlisha siku nzima yenye jua safi, inakuwa kama saa 6 za nguvu kamili, siyo 8, na siku ya mawingu ni pungufu zaidi. Ndiyo maana kipimo cha pipa kifanyike mara tatu: asubuhi, mchana na jioni. Sasa 2,400 mara 6 ni lita 14,400. Zile 40,000 za kwenye proforma zimeyeyuka, na tunahitaji 22,000.

Lakini kuna jambo linalofichika zaidi, na ndilo linalowachanganya watu. Mkulima wetu anamwagilia saa 12 asubuhi, tenki likiwa limejaa. Lita 10,000 zinaisha. Jua linatoka, pampu inajaza, na baada ya saa 4 na kidogo za nguvu kamili tenki limejaa tena. Boya linafunga. Pampu inakaa kimya, jua bado lipo, na zile lita 4,400 zilizobaki hazipampwi kabisa. Kwa hiyo shamba halipati 14,400 wala 40,000. Linapata 10,000, chini ya nusu ya mahitaji yake, na mwenyewe anaamini ana pampu kubwa kwa sababu kila mchana anaona tenki limejaa hadi juu.

Tenki lililojaa saa 8 mchana halikuambii kwamba maji yametosha. Linakuambia tu kwamba pampu imesimama.

Hapa ndipo mtu anashauriwa anunue tenki la pili. Mimi napinga ushauri huo ukitolewa peke yake. Ukiweka tenki jingine la lita 10,000, utaokoa zile 4,400 na kufikia 14,400, basi. Tenki linatunza maji, halizai maji. Na kuna njia isiyogharimu shilingi: gawa shamba vipande viwili, kimoja kimwagilie asubuhi, kingine mchana pampu ikiwa inaendelea kujaza. Tenki halifiki juu, boya halifungi, na unapata lita zako 14,400 zote kwa tenki lile lile. Tenki kubwa lina kazi yake kwa mtu anayelazimika kumwagilia kwa mkupuo mmoja, au anayetaka akiba ya siku ya mawingu. Ila lisiuzwe kama dawa ya pampu ndogo.

"Basi ninunue pampu kubwa zaidi?" Subiri kwanza, uliza kisima. Kama kisima chenyewe kinarudisha maji lita 3,000 kwa saa, hata ukiweka pampu ya lita 10,000 utapata hizo 3,000, halafu pampu itaanza kuvuta hewa na kuungua. Dalili yake ni rahisi: maji yanatoka vizuri saa ya kwanza, kisha yanakohoa, yanatoka na hewa au tope, yanakatika. Ukizima yakajikusanya yanarudi vizuri. Pima kwa pipa mwanzo, pima tena baada ya saa 3 mfululizo. Kama kasi imeshuka sana na jua ni lile lile, tatizo liko chini ya ardhi, na hakuna duka linalouza suluhisho lake.

Kwa kisima hicho cha lita 3,000, saa 6 za sola ni lita 18,000. Bado hazifiki 22,000. Kumbe ekari moja nzima ya nyanya kwa sola peke yake haikuwezekana tangu siku ya kwanza. Uongeze saa moja na nusu hivi za umeme au jenereta kwa siku, au upunguze eneo. Kwa pampu iliyopo ya lita 14,400, nusu ekari inahitaji kama lita 11,000 kwa siku. Hiyo inatosheka, tena inabaki akiba kidogo.

Najua kumwambia mtu apande nusu ekari wakati mipira ya ekari moja ipo stoo ni maneno machungu. Lakini angalia kinachotokea asipofanya hivyo. Nyanya inayopata maji nusu haifi, ingekuwa afadhali ife ukajua. Inadondosha maua, na maji yakija leo mengi kesho machache, matunda yanaoza kitako, lile doa jeusi chini ya tunda. Mkulima anakimbilia duka la pembejeo, ananunua dawa ya ukungu, anapiga, haisaidii, kwa sababu ule siyo ukungu. Kalshamu haifiki kwenye tunda kwa kuwa maji hayaendi kwa mpangilio. Anabadilisha dawa, analaumu mbegu. Hasara ya hesabu ya maji inaandikwa kwenye daftari kama hasara ya ugonjwa, na msimu ujao anarudia yale yale.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Proforma isiyo na namba nne usiilipie. Mwambie muuzaji aandike kwa mkono wake: pampu hii, kwa mita 43 za kupandisha, itatoa lita kadhaa kwa saa. Mchoro wa pampu upo kwenye kitabu chake, kuusoma ni dakika mbili. Anayekataa kuandika anakuambia kitu. Wapo wauzaji watakaosema namba zinawatisha wateja, na wapo wakulima wanaosema hesabu hizi ni za mainjinia. Mimi nasema mtu anayejua kugawa faida ya vitunguu kwa idadi ya magunia anaweza kugawa lita kwa dakika.

Na utaratibu uwe huu: anza na kisima, kisha mahitaji ya zao likiwa limekomaa, kisha pampu kwa kimo chako, na tenki liwe la mwisho. Wengi tunaenda kinyume, tunaanza na tenki kwa sababu ndilo linaloonekana barabarani.

Ukinipigia kuhusu pampu, uwe na daftari mkononi lenye namba hizo. Nitakuuliza kwanza pipa lilijaa kwa dakika ngapi, bei tutaiongea baadaye.