Acheni Kumuuzia Mkulima Mfuko

Msimu wa kukuzia ukifika, nenda kakae kwenye duka lolote la pembejeo usikilize. "Chukua CAN, mzee, hii Urea bei yake imechangamka." Mzee anafungua pochi, anabeba mfuko wake na kuondoka akijua ameokoa shilingi elfu kumi. Hajaokoa kitu. Amepunjwa mchana kweupe, na aliyempunja wala hakuugusa mzani.

Mahindi hayali mfuko, yanakula naitrojeni. Na kiasi cha naitrojeni ndani ya Urea hakipangwi na kiwanda wala muuzaji, kinapangwa na fomula yake, CO(NH2)2. Kaboni moja ina uzito wa 12, oksijeni moja 16, naitrojeni mbili 28, haidrojeni nne 4. Jumla 60. Gawa 28 kwa 60, zidisha kwa 100, unapata 46.7. Urea ya dukani ina unyevunyevu na masalia kidogo ya kiwandani, ndiyo maana huandikwa 46. Basi kilo 50 za Urea zina kilo 23 za naitrojeni.

CAN ni habari nyingine. Kiini chake ni amonia naitreti, NH4NO3, yenye uzito wa 80, na humo naitrojeni ni 28, yaani asilimia 35. Lakini mfukoni imechanganywa na chokaa, CaCO3, ambayo haina naitrojeni hata chembe. Hapo hakuna wizi: amonia naitreti tupu ni kitu cha hatari, na Beirut waliiona Agosti 2020 tani 2,750 zilipolipuka bandarini. Chokaa inapunguza hatari hiyo, ila inachukua nafasi. Mfuko ukiandikwa asilimia 27, gawa 27 kwa 35 utaona kwamba karibu asilimia 77 ndiyo amonia naitreti, iliyobaki ni chokaa. Kilo 50 zinakupa kilo 13.5 tu za naitrojeni.

Sasa turudi kwa yule mzee. Tuseme Urea ni shilingi 70,000 na CAN ni 60,000. Kwenye Urea, kilo moja ya naitrojeni amelipia takriban 3,040. Kwenye CAN ile "rahisi", amelipia 4,440. Ili apate zile kilo 23 zilizomo kwenye mfuko mmoja wa Urea angehitaji kilo 85 za CAN, zaidi ya shilingi laki moja. Huo ndio unafuu aliouziwa!

Najua watakaonijibu. Watasema Urea ikimwagwa juu ya udongo bila kufukiwa, hasa penye joto na bila mvua, naitrojeni yake hupotea hewani kama amonia. Ni kweli, na mkulima asiyeweza kufukia ana sababu ya kulipia CAN, ambayo nusu ya naitrojeni yake ni naitreti inayochukuliwa na mmea mara moja. Sawa. Lakini alipie akijua analipia nini. Kinachoniudhi ni ubao wa bei wenye bei ya mfuko peke yake, na mamlaka za udhibiti wa mbolea zinazouona na kuridhika. Lazimisheni kila duka liandike bei ya kilo ya naitrojeni pembeni. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Hesabu hiyohiyo inakamata lebo ya uongo. Mtu akikuletea Urea "asilimia 50", usibishane naye. Hata Urea safi kabisa haivuki 46.7, kwa hiyo asilimia 50 haipo duniani. Ikiandikwa 30 na jina likabaki Urea tupu, kuna kitu kimechanganywa na hakikutajwa.

Lebo sahihi nayo haithibitishi kilichomo ndani. Kenya mwaka 2024 wakulima waligundua wameuziwa mbolea bandia kupitia mpango wa ruzuku, na hakuna fomula iliyoweza kuona ndani ya mfuko ulioshonwa. Hapo ni kazi ya maabara. Ukiwa huna maabara, chukua kijiko cha chembe ukoroge kwenye glasi ya maji. Urea huyeyuka yote na glasi hupoa mkononi. Ukiona mashapo chini, una sababu ya kurudi dukani. CAN nayo hupoza maji, lakini ni lazima iache unga wa chokaa, karibu robo ya ulichoweka. Ikiacha mchanga unaofika nusu ya ulichoweka, mfuko huo usiufungue zaidi: uhifadhi na risiti yake, umwite afisa kilimo aje achukue sampuli.