Gudwili: Pesa ya Nokia iliyeyukia wapi?

Wadau, kuna neno la kihasibu ambalo kila kampuni kubwa ikinunua nyingine huwa linajificha kwenye mahesabu. Linaitwa gudwili. Naona wengi wanalipita tu, ngoja tulichambue.

Chukua mfano wa kubuni. Unanunua intaneti kafe kwa milioni 20. Kompyuta na meza, kwa bei ya soko ya leo (sio bei aliyonunulia mwenye nazo), ni milioni 12. Kafe inadaiwa milioni 2, na deni hilo unalirithi. Mali halisi ni milioni 10. Ile milioni 10 ya juu ndiyo gudwili: umelipia wateja waliozoea pale, na matumaini yako mwenyewe.

Sasa twende kwenye ile simu ya tochi tuliyokua nayo. Septemba 2013 Microsoft, chini ya Steve Ballmer, ilitangaza kununua biashara ya simu za Nokia. Dili likakamilika Aprili 2014 kwa dola bilioni 9.4, zikiwemo bilioni 1.5 za keshi iliyokuja nayo. Wahasibu wakapanga. Teknolojia, mikataba na majina ya biashara vilipewa bilioni 4.5. Ukichukua keshi, mitambo, stoo na vinginevyo, ukatoa madeni, unabaki na hasi ya kama bilioni 0.5. Pengo lote likaandikwa gudwili: karibu bilioni 5.5. Yaani zaidi ya nusu ya bei!

Ubaya wake ni kwamba gudwili inakaa upande wa mali, na kwa sheria za Marekani kampuni iliyo kwenye soko la hisa haiipunguzi kidogo kidogo kila mwaka kama gari. Inapimwa angalau mara moja kwa mwaka: je, biashara hii bado inaweza kuleta pesa tuliyoitarajia? Na makadirio hayo wanayafanya wakubwa wenyewe. Kwa hiyo mambo yanaweza kuonekana shwari hadi siku moja, paap!

Ilikuwa Julai 2015. Satya Nadella, bosi mpya, alifuta bilioni 7.5, na humo gudwili peke yake ilikuwa bilioni 5.1. Robo hiyo Microsoft ikaandika hasara ya bilioni 3.2, ingawa pesa yenyewe ilishatoka mwaka 2014. Pamoja na hilo zikatangazwa ajira hadi 7,800 kukatwa. Mwaka 2016 kitengo cha simu za kawaida kikauzwa kwa milioni 350 tu.

Kwa hiyo ukisoma kwamba kampuni fulani "imefuta gudwili", usidhani hasara imetokea jana. Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo wanakiri kwamba siku ile ya kununua walilipa kupita kiasi. Na wewe mwenye hisa, ukifungua mizania, linganisha gudwili na mtaji wa wanahisa. Ikiuzidi, basi ukiitoa hiyo gudwili mtaji haubaki kitu.

Haya, mnasemaje wadau?