Lubumbashi: Siri ya mshahara inamfaa patroni, inamwibia mfanyakazi

Katika kampuni, masomo ya binafsi na vituo vya afya vya Lubumbashi, kuna neno moja ambalo mfanyakazi mpya analisikia mapema kuliko yote: mshahara ni siri ya kila mtu. Wengine wanaambiwa kwa mdomo siku ya kusaini kontra. Wengine wanakuta neno hilo limeandikwa ndani ya kontra yenyewe. Kila mwisho wa mwezi mtu anaitwa peke yake, anapokea fishi yake ya malipo, anaikunja na kuiweka mfukoni. Mwenzake aliye kwenye meza ya pili hajui kitu.

Patroni anasema siri hiyo inalinda amani kazini. Lakini inafaa kuuliza ni amani ya nani. Sheria za kazi za Kongo, zile za tarehe 16 Oktoba 2002, zinasema katika kifungu cha 86 kwamba hali za kazi zikiwa sawa, ujuzi ukiwa sawa na matokeo yakiwa sawa, mshahara ni sawa kwa wafanyakazi wote, bila kutazama asili yao, kama ni wanaume ao wanawake, wala umri wao. Haki hiyo ni ya kulinganisha, na hakuna mtu anayeweza kulinganisha kitu asichokiona. Kumpa mfanyakazi haki ya usawa na kumfunga macho siku ya malipo ni kumnyima haki ileile.

Chukua mfano wa kituo cha afya cha binafsi chenye wafanyakazi wawili. Wa kwanza ni mama wa usafi. Wa pili ni mlinzi wa mlangoni, yule ambaye mjini anaitwa zamu. Wote wawili waliajiriwa mwaka mmoja. Mama anapata dola 250 za mshahara wa msingi na dola 25 za usafiri. Zamu anapata dola 290 za msingi, dola 25 za usafiri na dola 40 za nyumba. Akikesha usiku, analipwa pia nyongeza ya usiku, na juu ya hiyo hakuna ugomvi, kwa sababu kazi ya usiku ina malipo yake kwa sheria. Ukiiacha hiyo pembeni, zamu anamzidi mama kwa dola 80 kila mwezi.

Patroni akiulizwa, jibu liko tayari: kazi si moja, mmoja anafagia na mwingine analinda. Hapo ndipo watu wengi wananyamaza na kurudi nyumbani. Lakini Kongo imekubali pia Mkataba nambari 100 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, na mkataba huo hausemi kazi moja. Unasema mwanaume na mwanamke walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Na kifungu cha 215 cha Katiba ya 2006 kinaweka mikataba iliyokubaliwa na kutangazwa kwa njia halali juu ya sheria za inchi. Kwa hiyo swali la kumuuliza patroni ni hili: thamani ya kazi ya mama ni ndogo kwa kazi ya zamu katika nini?

Thamani inapimwa kwa mambo manne: ujuzi unaotakiwa, nguvu zinazotumika, wajibu anaobeba mtu, na hali ya mahali pa kazi. Mama wa usafi anatakiwa kujua kuchanganya dawa ya klori kwa kipimo, na kutenga sindano na takataka nyingine za hatari. Anabeba ndoo za maji mchana kutwa. Akikosea, mgonjwa anaambukizwa. Yeye mwenyewe anaweza kuchomwa na sindano. Zamu anaandika majina ya wanaoingia, anasimama saa nyingi, anabeba wajibu wa mali ya kituo, na anaweza kukutana na wezi. Mtu wa haki akizipima kazi hizi moja moja, bila kuandika kama anayeifanya ni mwanamke ao mwanaume, atakuta zamu anazidi kwenye wajibu wa mali na hatari ya wezi, na mama anazidi kwenye ujuzi na nguvu. Hatakuta sababu ya dola 80. Atakuta tu mazoea ya zamani, kwamba kufagia ni kazi ya mwanamke, na kazi ya mwanamke inalipwa kidogo.

Patroni mwenye akili ana ujanja mwingine, na huo uko ndani ya zile dola 40 za nyumba. Sheria ya Kongo, inapoeleza malipo ya kazi ni nini, inaweka nje fedha ya nyumba, fedha ya usafiri, matunzo ya afya na posho ya watoto. Anayetaka kupendelea hahitaji kugusa mshahara wa msingi. Anaongeza mstari wa nyumba kwa anayempenda, kisha anaonyesha baremu, yaani orodha ya mishahara kwa kila daraja, na kusema tazameni, wote ni sawa. Mkataba nambari 100 hauruhusu mchezo huo. Unahesabu mshahara na kila faida nyingine ambayo mwajiri anatoa kwa sababu ya kazi, iwe fedha ao kitu. Kwa hiyo anayelinganisha mishahara ya msingi peke yake amelinganisha nusu. Inafaa kuweka fishi mbili pamoja na kuzisoma mstari kwa mstari.

Si kila tofauti ni wizi, na anayelalamika bila kujua hilo atashindwa mbele ya inspekta. Kama zamu aliajiriwa katika mji mwingine na kuletwa Lubumbashi, sheria inamlazimisha mwajiri kumpa nyumba ao fedha yake. Kama ana miaka mingi kuliko mama, ao ana daraja la juu kwa ujuzi uliothibitishwa, tofauti inaweza kuwa ya haki. Lakini sababu hizo zote zinaweza kutajwa waziwazi. Anayekataa kabisa kutaja sababu ndiye anayepaswa kutiliwa shaka.

Sasa mama atajuaje zamu anapata ngapi? Njia ya kwanza ni zamu mwenyewe. Sheria za kazi hazina kifungu kinachomkataza mfanyakazi kutaja mshahara wake. Ni mali yake na jasho lake. Kama kontra ina neno la siri, inafaa kwenda polepole, kwa sababu patroni anaweza kulitumia kutafuta ugomvi. Jambo la kuepuka kabisa ni kupiga picha kitabu cha malipo kwenye meza ya mhasibu. Hapo mwenye haki anageuka kuwa mwenye kosa, na anaweza kufukuzwa juu ya kosa hilo.

Njia ya pili ni delege wa sindika. Mama ataanza na fishi yake mwenyewe, ambayo mwajiri anapaswa kumpa kila anapomlipa. Atazame daraja lake: je, ni manuvre, mfanyakazi wa nusu ujuzi, ao wa ujuzi? Kisha amwombe delege baremu ya kituo na mapatano ya pamoja kama yapo. Baremu haitaji jina la mtu. Inaonyesha kila daraja linalipwa ngapi, na hiyo inatosha kujua kama zamu aliwekwa daraja la juu kuliko mama, na kwa sababu gani. Delege anayejibu kwamba baremu ni siri ya mkurugenzi hajui kazi yake, ao ameshanunuliwa.

Njia ya tatu ni inspekta wa kazi. Huyu ana uwezo wa kuingia kazini na kudai vitabu vya malipo. Anaona mishahara yote, anaweza kulinganisha mwenyewe bila kumwonyesha mama majina, na anapaswa kuficha jina la aliyemletea malalamiko. Na kifungu cha 62 cha sheria za kazi kinasema wazi kwamba kumshtaki mwajiri kwa kuvunja sheria si sababu halali ya kumfukuza mtu. Inspekta ni mlango wa lazima pia: kwa kifungu cha 298, mahakama ya kazi haipokei ugomvi ambao haujapitia kwanza kwenye mapatano mbele yake. Mapatano yakishindwa, anaandika hivyo, na karatasi hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mahakama.

Mtu anaweza kusema: kwa nini haraka, si atajua siku moja? Hapa ndipo siri inapokuwa wizi wenye hesabu. Kifungu cha 317 kinasema deni la mshahara linakufa mwaka mmoja tangu siku ambayo mshahara ulipaswa kulipwa. Rudi kwenye mshahara wa msingi wa mama, ambao umepunguka kwa dola 40 kila mwezi. Kwa mwaka ni dola 480. Akikaa miaka minne bila kujua, ni dola 1,920. Siku anapojua na kulalamika, anaweza kudai dola 480 za mwaka wa mwisho. Zile 1,440 zimekufa, na zimebaki mfukoni mwa patroni. Kila mwezi wa kunyamaza unamlipa mwajiri. Ndiyo sababu anayejua leo inafaa apeleke malalamiko yake kwa inspekta kwa maandishi leo, na abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kwa maana malalamiko hayo yanasimamisha saa.

Njia hizi tatu zipo, lakini zote zinamtaka mnyonge awe hodari: amshawishi mwenzake, amsukume delege, aende ofisini. Sheria inaweza kugeuza mzigo huo. Katika Umoja wa Ulaya, amri ya mwaka 2023 inampa mfanyakazi haki ya kumwomba mwajiri kwa maandishi wastani wa malipo ya wanawake na wa wanaume wanaofanya kazi yenye thamani sawa na yake, na mwajiri ana miezi miwili ya kujibu. Amri hiyo inakataza pia kumziba mfanyakazi mdomo juu ya mshahara wake. Hakuna jina la mtu linalotolewa, na hakuna kampuni itakayokufa kwa kujibu barua.

Wabunge wa Kinshasa wanaweza kuandika haki hiyo katika vifungu vichache. Warekebishe cha 86 kiseme kazi yenye thamani sawa. Wafute neno la siri ya mshahara katika kila kontra. Wahesabu mwaka wa madai tangu siku mfanyakazi alipojua, si tangu siku alipoibiwa bila kujua. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mfanyakazi anayeficha fishi yake mbele ya mwenzake anamlindia patroni siri ambayo haimletei yeye hata faranga moja.