MKANDA WA SAA YA NGOZI HAUUAWI NA UZEE, UNAUAWA NA CHUMVI

Leo muuguzi wenu hataongelea presha wala malaria. Naongelea mkanda wa saa, na sababu ni kijana mmoja wa bodaboda wa hapa Machochwe aliyenifuata nikiwa natoka zamu. "Sista, mkono unaniwasha, nipe dawa ya aleji."

Nikamwambia, mura, vua saa kwanza nione.

Chini ya mkanda ngozi yake ilikuwa nyekundu, yenye vipele vidogo, kuzunguka kiwiko cha kiganja chote. Hapo nikaangalia mkanda wenyewe. Upande wa ndani ulikuwa mweusi, mgumu kama kipande cha mti, na ukiusogeza puani unajua wenyewe. Kingoni kuna mistari myeupe. Akasema ni fangasi, kila Jumapili anaufua kwa sabuni ya unga na kuuanika juu ya bati.

Ile mistari haikuwa fangasi. Ilikuwa chumvi ya jasho. Njia ya kutofautisha ni rahisi: chumvi inakaa kama mistari au unga mkavu, ukipitisha kitambaa chenye unyevu inayeyuka na kupotea. Kuvu linakaa kama madoa ya mviringo yenye manyoya manyoya, linanuka uvundo, na ukilifuta linarudi baada ya siku chache kama mkanda umebaki na unyevu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wengi tunakosea. Jasho ni maji na chumvi. Maji yanakauka, chumvi inabaki ndani ya ngozi. Na chumvi, kama ile ya jikoni wakati wa masika, inavuta unyevu wa hewani. Kwa hiyo unavua saa jioni, unaamini itakauka, asubuhi unavaa mkanda ambao bado una unyevu. Juu yake unaongeza jasho jipya. Ukiufuta kwa kitambaa kikavu unaondoa uchafu tu, chumvi inabaki palepale. Ndiyo maana mimi nasema jambo kubwa si mafuta wala dawa, ni kitambaa chenye maji kidogo kila jioni.

Nilivyomwelekeza: ukifika nyumbani vua saa, lowesha kitambaa kwa maji safi, kikamue hadi kisidondoshe, futa upande wa ndani mara mbili tatu. Kisha futa kwa kikavu. Uufungue mkanda, uulaze upande wa ndani ukiangalia juu, kivulini, mahali hewa inapita. Usiutie mfukoni, wala kwenye droo, wala mfuko wa nailoni. Na kesho usiivae. Ngozi iliyolowa jasho la siku nzima inahitaji usiku na mchana kupumzika, na masika zaidi. Kama saa ni moja tu, nunua mkanda wa pili wa nailoni, fundi saa atakubadilishia, mbadilishane siku.

Bati la Jumapili lilikuwa kosa la pili. Jua kali linakausha upande wa juu haraka, ngozi inanywea, halafu inapasuka pale kwenye tundu unalolitumia kila siku. Sabuni ya unga nayo inaondoa mafuta yaliyomo ndani ya ngozi.

Mafuta? Wazee wetu walijua kulainisha ngozi ya ng'ombe kwa mafuta, sikatai. Ila mkanda wa saa si ngozi ya kulalia. Mafuta ya alizeti yanachacha na kunuka, na ukipaka ndani unaziba pale panapotakiwa kutoa unyevu. Mkanda ukianza kukauka, paka mafuta maalumu ya ngozi upande wa juu tu, kiasi cha punje ya mchele, mara chache kwa mwaka. Kiwi ya viatu achana nayo, itahamia kwenye kiwiko na kwenye mkono wa shati.

Kama ni kuvu, futia nje ya nyumba. Spiriti kidogo inasaidia, ila ijaribu kwanza kwenye ncha ya ndani, maana inatoa rangi.

Na vipele vyenyewe? Viko wapi vinasema jambo. Vikiwa chini ya kile chuma cha kufungia tu, mara nyingi ni nikeli ya chuma. Vikizunguka mkono wote, ni unyevu na msuguano, au ni aleji ya kemikali za kutengenezea ngozi, hasa kromu. Huyo wa pili hasafishi mkanda akapona, anaachana na ngozi hiyo kabisa. Kikianza kutoa maji au usaha, njoo kituoni.

Sisi wauguzi ndugu zangu tuvue kabisa kazini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unataka saa ya mkononi ivuliwe kabla ya kunawa kwa ajili ya upasuaji, na mimi naongeza wodini pia. Mkanda wa ngozi huwezi kuunawisha, na vitakasa mikono vinaubabua. Yangu naibana kifuani, napima mapigo nikiitazama.

Kijana nilimwambia akae wiki mbili bila saa, kisha avae tundu moja nje zaidi, kidole kipite chini ya mkanda. Amerudi jana. Vipele vimekauka. Mkanda wake wa zamani ulishapasuka, huo sikuweza kuuokoa.