Juu ya nini mikojo inabadilika rangi

Wengi kati yetu wakiona mikojo yao imekuwa myeusi-myeusi kama chai ya rangi, wanasema mara moja: «Maralia iko ndani,» ao: «Figo yangu inaharibika.» Wengine wakiona mikojo yeupe kama maji ya bomba, wanafurahi na kusema damu yao iko safi. Mara nyingi wote wawili wanakosea. Mwezi huu tuangalie ginsi figo inafanya kazi, kisha utaweza kusoma mikojo yako wewe mwenyewe.

Figo ziko mbili. Ziko nyuma ya tumbo, chini kidogo ya mbavu za mwisho, kila moja ukubwa wa ngumi ya mtu mzima. Ni vidogo, lakini kila dakika zaidi ya litri moja ya damu inapita ndani yao. Mtu mzima ana damu karibu litri 5 tu. Basi unaona ginsi damu ile ile inarudi pale tena na tena, mchana na usiku.

Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, karibu milioni moja. Kila kichujio ni kifundo cha mishipa ya damu, na ukuta wa mishipa ile una matundu madogo. Moyo unaposukuma damu, maji yanapenya matunduni, pamoja na chumvi, sukari na uchafu unaotoka katika chakula cha nyama na maharagi. Chembe nyekundu za damu ni kubwa, hazipiti. Protini za damu nazo zinabaki. Ni sawa na tamisi ya kuoshea mawe: kilicho kidogo kinapita, kikubwa kinabaki juu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa njo siri yenyewe. Vichujio vile vinatoa maji litri 180 kwa siku moja. Ndiyo, litri 180, bidoni tisa za litri 20! Kama zote zingekuwa mikojo, mtu angekufa mbele ya saa sita ya mchana. Juu ya nini figo inatoa maji mengi hivyo? Kwa sababu haitafuti uchafu mmoja mmoja. Inafanya kama mama anayesafisha nyumba: anatoa vyombo vyote inje, kisha anarudisha ndani vile anavyohitaji, na kinachobaki inje anakitupa. Kila kichujio kina mfereji mwembamba nyuma yake. Maji yakipita katika mfereji ule, mwili unarudisha damuni sukari yote, karibu chumvi yote, na karibu maji yote. Katika kila litri 100, inabaki paka litri moja hivi ya kukojoa.

Nani anaamua maji mangapi yarudi? Ni ubongo. Ndani yake mna mahali panapopima chumvi ya damu. Ukikosa maji kidogo tu, chumvi ya damu inapanda, na ubongo unafanya mambo mawili: unakupa kiu, na unatuma katika damu dawa yake moja, jina lake vazopresini. Dawa ile ikifika kwenye figo, inafungua milango midogo ya maji katika sehemu ya mwisho ya mifereji. Katikati ya figo mna chumvi nyingi, na chumvi inavuta maji, kama vile unavyoona samaki akitoka maji ukimpaka chumvi. Basi maji yanatoka mferejini, yanarudi damuni. Ukinywa sana, ubongo unaacha kutuma dawa, milango inafungwa, na maji yanaenda zake kwenye kibofu.

Tuchukue kijana mmoja krezeri. Siku ya posho anaingia shimoni saa kumi na mbili asubui, anatoka saa kumi ya magaribi. Ni masaa kumi ya kazi na joto. Jasho limemtoka litri 3, yeye amekunywa litri moja tu. Wakati ule figo zake zimechuja karibu litri 75. Ameona mikojo kiasi gani? Kama robo ya litri, labda kopo moja. Yote mengine imerudishwa. Lakini rangi ya manjano inayotoka katika damu iliyozeeka, na uchafu wa siku, vyote vimejaa katika kopo lile moja. Njo maana ni myeusi na inanuka. Figo yake haikuharibika. Imefanya kazi ya nguvu sana.

Kesho yake, siku ya Mungu, yuko nyumbani na amekwisha kunywa vya kutosha. Kisha bukari, anamaliza litri moja ya maji kwa mara moja. Kisha nusu ya saa anaanza kusikia haja. Saa moja ikipita, mikojo ni mingi kuliko yote, tena myeupe. Katika masaa mawili ao matatu, karibu litri ile yote imetoka. Figo zimechuja sawa na jana, hazikuongeza mbio. Kilichobadilika ni milango tu.

Lakini kuna mpaka. Uchafu wa siku unaomba maji karibu nusu litri ili utoke, hata kama hukunywa kitu. Na kwa saa moja figo haziwezi kutoa zaidi ya litri moja hivi. Mtu anayekunywa litri nyingi mbio mbio anapunguza chumvi ya damu, na ubongo unavimba. Bia nayo inadanganya: pombe inazuia ile vazopresini, ndiyo maana mnywaji anakojoa sana na asubui ana kiu.

Sasa, ginsi gani kujua ugonjwa? Angalia kama mikojo inabadilika pamoja na maji unayokunywa. Mikojo ya asubui inapaswa kuwa na rangi kuliko ya mchana, maana usiku kucha hukunywa. Mtu ambaye mikojo yake ni myeupe kila saa, hata asubui, na anaamuka mara tatu usiku, apimwe. Figo iliyochoka inapoteza kwanza nguvu ya kurudisha maji. Ao ni diabeti: sukari imezidi, mifereji imeshindwa kuirudisha yote, nayo inavuta maji. Mikojo yenye povu isiyoisha inaonyesha protini inapenya kichujio. Ile ya rangi ya damu ao ya kahawa, hata kisha kunywa vizuri, uende lopitali mbio. (Anayekunywa dawa ya tibi asishituke: rifampisini inafanya mikojo kuwa ya rangi ya machungwa.) Kipimo cha kweli ni cha damu, kinachoitwa kreatinini.

Neno moja kwa wale wa shimoni wanaomeza dawa za mgongo, kama diklofenaki na ibuprofeni. Ukikosa maji, figo inapanua mshipa mdogo unaoleta damu kwenye kichujio, ili kisikauke. Dawa zile zinazuia mshipa usipanuke. Ukizimeza ukiwa na jasho na kiu, damu inapungua kichujioni na figo inaweza kusimama. Unywe maji kwanza, ungojee mpaka mikojo ikuwe ya manjano-manjano, na umuulize muganga kama kuna dawa nyingine ya maumivu.