Kisanduku Kimoja Si Ujirani: Majibu kwa Madai Manne kuhusu Jiohashi na Kwadtri

Mtu akiomba bodaboda kwa simu, seva inatakiwa kujua, kati ya maelfu ya madereva waliopo, ni nani aliye karibu naye. Kupima umbali wa kila dereva kwa kila ombi ni kazi inayoongezeka kadiri huduma inavyokua, ndiyo maana watengeneza programu hujenga faharasa ya mahali. Faharasa mbili ndizo zinazotajwa zaidi. Ya kwanza ni jiohashi, aliyoitoa Gustavo Niemeyer mwaka 2008, ambayo hugeuza latitudo na longitudo kuwa mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu. Ya pili ni kwadtri, iliyoelezwa na Raphael Finkel na Jon Bentley mwaka 1974. Huu ni mti unaogawa eneo robo kwa robo, na kila robo iliyojaa hugawanywa tena.

Zote mbili ni nzuri, na zote mbili husemewa mambo zisiyoyafanya. Nitajibu madai manne ninayoyasikia mara kwa mara, kwa sababu kila moja limewahi kumfanya mteja aletewe dereva wa mbali huku wa karibu akikaa bila kazi.

Dai la kwanza: "Jiohashi zikianza kwa herufi zilezile, watu ni majirani; zikitofautiana, wako mbali."

Nusu ya kwanza ina ukweli. Jiohashi hutengenezwa kwa kukata dunia vipande viwili tena na tena, mara kwa longitudo, mara kwa latitudo. Kila mkato hutoa biti moja, na kila biti tano huandikwa kama herufi moja. Waliofanana herufi sita za mwanzo wamo ndani ya kisanduku kimoja, ambacho hapa kwetu karibu na ikweta kina upana wa kilomita 1.2 hivi toka mashariki hadi magharibi, na mita 610 hivi toka kaskazini hadi kusini.

Nusu ya pili ndiyo yenye makosa, na mahali pazuri pa kuyaona ni Nanyuki, mji wa Kenya ambako ikweta inakatiza barabara. Mkato wa kwanza kabisa wa latitudo hupita juu ya ikweta yenyewe. Tuchukue bodaboda mbili, zote kwenye longitudo 37.07. Moja iko latitudo 0.001, kaskazini kidogo ya mstari, na nyingine iko latitudo -0.001, kusini kidogo. Kati yao kuna mita 222 hivi, mwendo wa dakika tatu kwa miguu. Jiohashi zao za herufi sita ni hizi:

```
kaskazini: sb4258
kusini:    kzfrgx
```

Hakuna hata herufi moja ya mwanzo waliyoshirikiana. Programu inayotafuta madereva kwa kulinganisha mwanzo wa jiohashi haitamwona yule wa ng'ambo ya mstari kamwe, hata ikipunguza herufi hadi ibaki moja. Na si ikweta pekee. Kila mpaka wa kisanduku una tatizo hilihili, ila kwenye mipaka ya mikato ya mwanzo tofauti huwa kubwa zaidi. Dalili yake ni malalamiko yanayokusanyika kwenye mstari mmoja ulionyooka wa mji, hali mtaa wa pili hakuna anayelalamika.

Dai la pili: "Dawa yake ni kutafuta kisanduku cha mteja na vinane vinavyokizunguka. Hapo umemaliza."

Dawa hii inaponya mpaka, lakini ina kipimo chake. Visanduku tisa vinakuhakikishia upande mmoja tu wa kisanduku kuelekea kila mwelekeo, na upande unaohesabika ni ule mfupi.

Tuseme unatumia herufi sita na umemwahidi mteja dereva ndani ya kilomita moja. Mteja amesimama mita 10 kutoka ukingo wa kaskazini wa kisanduku chake. Kuelekea kaskazini, visanduku vyako vinaishia mita 620 kutoka alipo: mita 10 zilizobaki katika chake na 610 za jirani. Kuelekea kusini vinafika mita 1,210. Sasa kuna dereva mita 700 kaskazini na mwingine mita 1,100 kusini. Programu itamleta wa kusini, aliye nje ya ahadi, na kumwacha wa kaskazini aliye ndani yake.

Wengi wakiliona hili hukimbilia herufi tano, zenye kisanduku cha takriban kilomita 4.9 kila upande. Majibu yatakuwa kamili, lakini visanduku tisa vya namna hiyo ni kilomita za mraba 216 hivi, ilhali duara la kilomita moja ni kilomita za mraba 3.14 tu. Seva italeta umati wa madereva kisha iwatupe karibu wote. Afadhali kubaki na herufi sita na kuhesabu safu zinazotakiwa: safu mbili juu, mbili chini, na moja kila ubavu. Jumla ni visanduku 15, na vinafunika kilomita za mraba 11 hivi. Kumbuka pia kwamba upana wa kisanduku hupungua ukiondoka kwenye ikweta. Programu iliyopimwa Mombasa ikihamishiwa Oslo itakuta upana ule umebaki nusu, kwa hiyo hesabu ya safu ifanywe kwa latitudo ya mteja.

Kisha kinakuja kipimo chenyewe: umbali halisi wa kila aliyebaki, kwa fomyula ya haversini, na kupanga kuanzia wa karibu. Redis hufanya yote haya kwa amri moja. Ndani yake hutunza jiohashi ya biti 52, huchagua ukubwa wa visanduku kulingana na nusukipenyo ulichotoa, huangalia majirani, kisha hupima na kuchuja:

```
GEOADD madereva 37.07 0.001 boda1
GEOADD madereva 37.07 -0.001 boda2
GEOSEARCH madereva FROMLONLAT 37.07 0.001 BYRADIUS 500 m ASC WITHDIST
```

Hapa bodaboda zote mbili za Nanyuki zinapatikana, ya pili ikiwa na umbali wa mita 222. Angalia tu kwamba longitudo hutangulia. Ukizigeuza, namba zote mbili bado ni halali, seva haitalalamika, na bodaboda zako zitakuwa zinaelea kwenye Bahari ya Mediterania kaskazini mwa Algeria.

Dai la tatu: "Kwadtri inafuata msongamano wa watu, kwa hiyo ni bora kuliko jiohashi kila mahali."

Kwa maduka, dai hili lina nguvu. Weka sheria kwamba robo ikizidi maduka 50 igawanywe, na uanze na mraba wa kilomita 64 unaofunika Dar es Salaam na vijiji vya pembeni. Kariakoo mti utashuka ngazi nane na kufika vimraba vya mita 250. Shambani unaweza kuishia kwenye mraba wa kilomita 16. Jiohashi ya urefu mmoja haiwezi hivyo: herufi sita zitakuletea utitiri wa maduka Kariakoo na kisanduku kitupu kijijini.

Tena mti una njia nzuri ya kujibu swali la "maduka matano ya karibu" bila kukisia nusukipenyo. Unafungua kwanza mraba ulio karibu zaidi na mteja, unapima maduka yake, na unaendelea kwa mpangilio huo. Unasimama pale ambapo mraba unaofuata, hata ukingo wake wa karibu kabisa, uko mbali kuliko duka la tano ulilokwisha kulipata. Hapo una uhakika hakuna lililosahauliwa.

Lakini Kariakoo hiyohiyo inafichua mtego. Ghorofa moja hubeba maduka mengi yaliyorundikana juu kwa juu, na mara nyingi yote husajiliwa kwa nukta ileile ya ramani. Ukiwa na maduka 51 kwenye nukta moja, robo itagawanywa, yote 51 yataangukia robo moja ya ndani, nayo itagawanywa tena, bila mwisho. Seva huanguka kwa kuishiwa kumbukumbu wakati wa kupakia data, na ukiangalia kina cha mti utakuta tawi moja limeshuka mamia ya ngazi. Weka kikomo cha kina, tuseme ngazi 20, na uiruhusu robo ya mwisho izidi 50.

Kwa madereva hali ni nyingine, maana wanasogea. Dereva aendaye kilomita 30 kwa saa na kutuma mahali alipo kila sekunde nne husogea mita 33 hivi kati ya taarifa mbili. Katika kisanduku cha herufi sita, taarifa nyingi zinamkuta bado palepale. Akivuka, anafutwa kwenye orodha moja na kuandikwa kwenye nyingine, na visanduku vyenyewe havibadiliki. Kwenye mti, robo iliyo ukingoni mwa 50 hugawanyika dereva wa 51 akiingia, huungana akitoka, na hugawanyika tena akirudi, huku maombi ya wateja yakisubiri. Tiba ipo, nayo ni kutoziunganisha robo mpaka zishuke chini kabisa, tuseme 25. Lakini hiyo ni kazi ya ziada ambayo jiohashi haikudai. Kwa hiyo maduka yaende kwenye kwadtri, madereva kwenye jiohashi, na hakuna ubaya huduma moja kuwa na zote mbili.

Dai la nne: "Faharasa ikishampata wa karibu, mpe kazi."

Msikilize abiria aliyesimama Mombasa kisiwani, jirani na kivuko cha Likoni. Dereva wa gari aliye upande wa pili wa maji yuko mita mia chache tu kwa mstari ulionyooka, na jiohashi, kwadtri na haversini zote zitamtaja kuwa wa kwanza. Ila ili afike, apange foleni ya feri au azunguke kwa Dongo Kundu. Dereva aliye kilomita mbili ndani ya kisiwa atamtangulia kwa mbali.

Hapa faharasa haijakosea, imeulizwa swali lisilo lake. Chukua wagombea, tuseme 20 wa karibu kwa mstari ulionyooka, kisha upime umbali wa barabara wa kila mmoja kwa injini ya njia kama OSRM, ukiiambia isipitie feri. Kwa kuwa barabara haiwi fupi kuliko mstari ulionyooka, una pa kusimamia: mgombea anayefuata akiwa mbali kwa mstari kuliko umbali wa barabara wa bora uliyenaye, acha kutafuta. Wote 20 wakiwa ng'ambo ya maji, kanuni hiyohiyo itakulazimisha uendelee kuleta wengine.

Madai yote manne yana kosa moja, nalo ni kuipa faharasa uamuzi. Kazi ya jiohashi na kwadtri ni kuwaondoa walio mbali kwa haraka. Nani yuko karibu huamuliwa na kipimo. Kabla hujaisifu faharasa yako, chukua sampuli ya maombi ya jana, pima umbali wa madereva wote bila faharasa yoyote, na ulinganishe majibu. Palipo na tofauti, yupo mteja aliyesubiri bure, na hilo lirekebishwe kwanza kabla ya kuhangaikia kasi.