Salio lisomwe kwa Kiswahili kinachosikika

SAFU YA MAONI
Na Zuhura Mbaraka

Mteja amepiga simu benki, amechagua Kiswahili, ameomba salio. Sauti inamjibu: "Salio lako ni shilingi elfu mia mbili na hamsini." Ana kiasi gani? Mmoja atasema ana 250,000, mwingine atasema ana 200,050, na wote wawili wamesikia sawasawa. Tofauti kati yao ni shilingi 49,950, na kwa mama anayetaka kulipa kodi ya chumba siku hiyohiyo, hiyo si pesa ya kupuuza.

Kosa hilo halitokani na mtandao wala mtambo. Linatokana na karatasi ya maneno ambayo mtu aliiandika kabla sauti haijarekodiwa. Mara nyingi karatasi hiyo huandikwa kwa Kiingereza, ikaidhinishwa kwa Kiingereza, kisha siku chache kabla ya huduma kuzinduliwa mtu mmoja akaambiwa aiweke kwa Kiswahili. Mimi nasema utaratibu huo ndio unaoharibu kazi, na kwenye salio ndipo uharibifu unapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote.

Sauti inayosoma salio haikurekodiwa nzima nzima, maana hakuna anayeweza kurekodi kila kiasi kinachowezekana. Msomaji huingia studio akasoma vipande: moja, mbili, ishirini, mia, elfu, milioni. Mtambo huviunganisha mteja anapopiga. Kwa Kiingereza, idadi hutangulia na neno la mia au elfu hufuata. Kwa Kiswahili ni kinyume chake: tunasema mia mbili, elfu tatu. Mtengeneza programu akitumia mpangilio uleule wa Kiingereza na kubadilisha mafaili ya sauti tu, mteja atasikia "mbili mia hamsini elfu". Hilo angalau linagunduliwa mapema, kwa sababu kila mtu huona limepinda. Lile la hatari ni la mwanzo, ambalo linasikika kama Kiswahili safi lakini halisemi kiasi kimoja.

Dawa yake tunayo midomoni tayari. Sikiliza watu wanavyotajiana bei Kariakoo. Anayetaka 25,000 isichanganywe na 20,005 husema "ishirini na tano elfu". Anayetaja 250,000 husema "laki mbili na hamsini elfu", au kwa kifupi "laki mbili na nusu". Karatasi ya benki ichukue hapo. Kanuni ninayoipendekeza haina ugumu. Kuanzia 100,000, tumia laki. Maelfu yakiwa na "na" ndani yake, idadi itangulie na elfu ifuate. Na kilichobaki chini ya elfu kitanguliwe na neno shilingi. Kwa hiyo 250,000 itasomwa "laki mbili na elfu hamsini", na 200,050 itasomwa "laki mbili na shilingi hamsini". 25,000 ni "ishirini na tano elfu", 20,005 ni "elfu ishirini na shilingi tano". Hakuna tena mlango wa kuingilia shaka.

Msomaji wa sauti naye arekodi kila namba mara mbili: mara moja sauti ikiwa bado juu, kwa ajili ya katikati ya sentensi, na mara nyingine ikishuka, kwa ajili ya mwisho. Bila hivyo mteja husikia "laki mbili" ikishuka, akadhani habari imekwisha, akakata simu kabla ya elfu hamsini kufika.

Kuna mtego mwingine ambao Kiingereza hakiujui. Kipande cha "mbili" kinafaa kwa shilingi na kwa dakika, lakini hakifai kwa watu. Mtambo unapotangaza foleni, unapaswa kusema wateja wawili, watatu, wanne. Ukitaja miamala ya mwisho, ni miwili, mitatu, mitano. Moja hadi tano, pamoja na nane, hufuata nomino. Sita, saba, tisa na kumi hubaki zilivyo. Aliyeandika bajeti ya studio kwa kuhesabu vipande vya Kiingereza hatakuwa na "wawili" kwenye orodha yake, na benki itatangaza "wateja mbili" kila siku ya kazi. Ama virekodiwe vipande vya kila ngeli inayohitajika, ama sentensi igeuzwe: "Nafasi yako kwenye foleni ni namba tatu." Naipenda hii ya pili, kwa sababu inasikika vizuri na haihitaji kipande kipya kila menyu inapoongezwa.

Saa pia iangaliwe. Muamala uliofanyika 14:05 kwenye kompyuta usisomwe "saa kumi na nne na dakika tano". Ni saa nane na dakika tano mchana. Hapa mtengeneza programu hana budi kuhamisha saa sita na kuongeza asubuhi, mchana, jioni, usiku au alfajiri, na karatasi ndiyo inayopaswa kumwambia kila neno linaanza wapi na kuishia wapi. Tawi la Kiingereza libaki na saa zake.

Kwenye menyu yenyewe sina mengi. Kila lugha ijitangaze kwa lugha yake na kwa sauti ya mtu anayeizungumza vizuri. Shughuli itangulie, namba ifuate: "Kufunga kadi iliyopotea au kuibiwa, bonyeza moja." Ukisema "bonyeza moja" kwanza, msikilizaji ameshaisahau namba wakati anapogundua kuwa ndiyo aliyoihitaji. Kadi iliyoibiwa ikae ya kwanza, maana aliyeibiwa ndiye asiyeweza kusubiri. Namba zifanane katika lugha zote mbili, ili mhudumu anayemwelekeza mteja asilazimike kuuliza kwanza alichagua lugha gani. Alama ya # iitwe reli, kama watu wanavyoiita wanapotumiana pesa kwa simu. Na mteja asiyebonyeza kitu arudiwe maelezo mara moja au mbili, kisha apelekwe kwa mhudumu; wengi wao ni watu ambao hawajaelewa, na kuwakatia simu ni kuwafukuza.

Kabla ya kulipia studio, benki ifanye jaribio ambalo halina gharama. Mtu mmoja akae chumba kingine, apige simu ya kawaida, asome karatasi. Wasikilizaji wawe wateja wa kweli, wasioiona karatasi, kila mmoja na kalamu yake. Wasomewe 250,000, kisha 200,050, kisha 25,000, kisha 20,005, kisha 1,200,600, na waandike kwa tarakimu walichosikia. Lazima iwe kwa simu. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na sehemu kubwa ya mlio wa "s" iko juu ya hapo, kwa hiyo "sita" na "tisa" zilizosikika vizuri mezani zinaweza kukaribiana masikioni. Kiasi chochote ambacho hata msikilizaji mmoja amekiandika tofauti, sentensi yake irudi kwa mwandishi.

Na baada ya salio kusomwa, mteja apewe nafasi moja zaidi: "Kusikia tarakimu moja moja, bonyeza mbili." Hapo atasikia mbili, tano, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, na ataziandika kwenye kiganja chake akitaka. Wenye benki huniambia hilo linarefusha simu kwa sekunde kadhaa. Mhudumu anayepokea simu ya mteja aliyedhani pesa zake zimepotea hutumia dakika nyingi kumtuliza, na bado humfungulia akaunti amsomee tarakimu hizohizo.